Kadi ya Mjane Isiyo na Ukurasa

Ulikuwa ukiingia saluni kwetu kusukwa, unatoka unajua kwa nini Mjane wa riwayani alipeleka ndoo yake mbele ya foleni. Hilo halikuwa hiari. Kadi za kujisomea mtihani zilizunguka kioo chote, nyingine zilining'inia kwenye kamba ya taulo zimebanwa kwa vibanio vya nywele, na wewe umekalishwa kitini, kichwa kimeshikwa, sasa utasoma nini kingine? Watu walikuja kwa ajili ya nywele wakaishia kugombana kuhusu riwaya. Kuna mama mmoja muuza viatu aliondoka kichwa nusu, amenuna, kwa sababu mwenzake alidai Mwenyekiti alikuwa na roho nzuri pale mwanzoni. Alirudi kesho yake kumaliziwa, na bado alikuwa hajakubali.

Mwenye kadi alikuwa Hoja. Jina alilopewa na wazazi lipo, analitumia zahanati, lakini sisi tulimwita Hoja kwa sababu alikuwa haishi kuuliza. Ukimwambia naona leo mvua itanyesha, yeye anakuuliza, "Na hiyo inasaidia hoja gani?" Unatamani umpige na kitana. Shangazi yake ndiye mwenye saluni, na kwa kuwa Hoja alimwita Shangazi, basi sote tukamwita Shangazi, hata wateja wenye umri wa kumzaa. Mimi ni msukaji wa kiti cha pili. Sina subira na sijui kumung'unya maneno, kwa hiyo nakupa habari ilivyokuwa.

Hoja alitaka kuwa mwalimu. Alikuwa msukaji hodari kuliko sisi wote, vidole vyake vinakwenda vyenyewe, lakini moyo wake ulikuwa mbele ya ubao. Chuo cha ualimu nacho kilikuwa na sharti lake: bila kufaulu Fasihi, usijisumbue kuleta cheti. Na Fasihi ilikuwa imeshamwangusha mara mbili. Mwaka huo alijiandikisha tena, mtahiniwa wa kujitegemea, na ilikuwa ndiyo nafasi yake ya mwisho, maana riwaya teule ilikuwa ikibadilishwa mwaka unaofuata na ingebidi aanze na kitabu kingine tangu jalada. Shangazi alikuwa ameshatamka mbele yetu wote. "Ukifeli safari hii, basi. Utulie hapa, nikupe kiti cha kwanza, tusahau habari za chaki." Kiti cha kwanza ni heshima kubwa, mimi mwenyewe nilikuwa nakitolea macho. Hoja alikitazama kama mtu anayeonyeshwa jela yenye mito.

Sasa usifikiri alikuwa kichwa maji. Riwaya aliijua hadi chafya za wahusika. Ni kisa cha mji wenye pampu moja ya maji. Mwenyekiti anaishika pampu, anapanga nani achote na lini, Karani wake anaandika majina, na Mjane, ambaye kwa miaka amesimama kwenye foleni hiyo bila kusema kitu, siku moja anaibeba ndoo yake na kwenda kuiweka mbele kabisa. Ndiyo habari yenyewe. Shida ya Hoja ni kwamba swali likisema "jadili", yeye alisimulia. Anaanzia ukurasa wa kwanza, anakuja nao taratibu, kengele inalia Mjane hata hajatoka nyumbani kwake.

Aliyemfungua macho ni Mwalimu, mteja wetu, mwanamke mwembamba anayefundisha Fasihi madarasa ya jioni na ambaye husukwa mistari minyoofu tu, hataki mchezo. Siku hiyo alikuwa chini ya mikono ya Hoja, akasomewa insha ya zamani hadi mwisho.

"Binti yangu," akasema, "msahihishaji naye amekisoma kitabu. Usimpe habari. Mwambie unadai nini, mwonyeshe ushahidi na ulikoutoa, halafu mweleze kwa nini unathibitisha dai lako. Ukishafanya hivyo rudi kwenye swali."

Ndipo akamchorea kadi ya kwanza nyuma ya karatasi ya pakiti ya rasta, zile nywele za kusukia. Mistari minne. Mhusika. Maudhui. Nukuu na ukurasa wake. Na wa mwisho, ambao alisema ndio wenye alama, inasaidia hoja gani. Akamwambia atengeneze benki nzima ya kadi hizo, ili siku ya mtihani swali likija kutoka upande wowote, aende kuchukua anachohitaji badala ya kubeba kitabu kizima kichwani.

Nikupe mfano, maana niliziishi. Mhusika: Mwenyekiti. Maudhui: uongozi mbaya. Nukuu: "Maji ni ya wote, lakini foleni ni yangu." Inasaidia hoja gani? Kwamba dhalimu si lazima akunyime haki yako waziwazi, inatosha akupangie zamu. Mimi nilipoisoma hiyo niliacha kusuka. Nilimfikiria yule bwana wa dirisha la vitambulisho, wa njoo kesho, nikaingiwa na hasira upya. Nyingine: Karani, anapoulizwa kwa nini amefuta majina ya watu, anajibu, "Mimi huandika tu, sifikiri." Hiyo ilikuwa na kazi mbili. Swali likiuliza kuhusu woga, inaonyesha woga wa mdogo ndio unaompa mkubwa nguvu. Likiuliza uwajibikaji, inaonyesha mtu anavyojificha nyuma ya kalamu. Nukuu moja, milango miwili. Hoja aliruka aliposhtukia hilo, akamvuta mteja nywele, mteja akapiga kelele, sote tukacheka hadi Shangazi akatoka stoo kuuliza nani kafa.

Kazi yenyewe ya kutengeneza kadi ilikuwa sarakasi. Msukaji hana mikono ya kuandikia, na akiwa nayo imejaa mafuta. Kwa hiyo tuligawana. Mimi, nikiwa sina mteja, nasoma riwaya kwa sauti. Hoja anasuka na kusikiliza, akipata kitu anasema, "Hapo hapo, andika." Na mwandishi ni yeyote aliyekuwa chini ya draya, ile kofia kubwa ya kukaushia nywele, kwa sababu mtu wa draya mikono yake haina shughuli. Wengine waliandika kama kuku amepita. Bora kuliko wote alikuwa Karani wa Mahakama. Huyu ni karani kwelikweli, si wa riwayani, mama mwenye miwani na mwandiko wa kutia kwenye fremu. Tulimtania kuhusu "mimi huandika tu" hadi akatishia kuhamia saluni ya ng'ambo ya barabara. Hakuhama. Alikuwa akikausha nywele ambazo zilishakauka.

Shangazi aliziita kadi "takataka za kwenye kioo changu", lakini mfagiaji alipoangusha moja kwa bahati mbaya, aliyefoka ni yeye.

Kati ya kadi zote kulikuwa na malkia. Ya Mjane. Maudhui: nafasi ya mwanamke, na ukimya. Nukuu yake ilikuwa hii: "Mwanamke akinyamaza miaka, wanamwita mwema, akisema siku moja, wanamwita mkorofi." Mwenzangu, kadi hiyo ilitembea. Muuza viatu alimsomea shemeji yake. Bibi harusi mmoja aliipiga picha. Na Hoja akaitegemea. Insha zake za mazoezi karibu zote zilipita hapo: swali la wanawake, kadi ya Mjane; la ukombozi, kadi ya Mjane; la jamii na lawama, kadi ya Mjane. Alikuwa amepata nguzo, na amejenga ghorofa juu yake.

Wiki ya mtihani Mwalimu akaja kusukwa. Alipokuwa akisubiri alizipitia kadi, mikono nyuma, kama mkaguzi. Anatikisa kichwa, anatabasamu, anasogea. Akafika kwa malkia akasimama.

"Hii nukuu nzuri sana," akasema. "Ukurasa wa ngapi?"

Hoja akajibu bila kugeuka, "Imeandikwa hapo."

"Hapa ni patupu."

Hoja akaacha kusuka. Kweli palikuwa patupu. Kadi zote zilikuwa na ukurasa isipokuwa hiyo, na hakuna aliyewahi kuona, kwa sababu hakuna aliyewahi kufika chini, kila mtu alinaswa na maneno yenyewe.

"Sikumbuki kuisoma," Mwalimu akasema polepole. "Na kitabu hiki nimekifundisha mpaka nimekichoka."

Basi tukaitafuta. Kitabu chetu kilikuwa kimeshaachana na gundi yake kwa kusomwa, kwa hiyo tulikigawa kama karata. Muuza viatu akapewa mwanzo. Mama mmoja aliyekuja kupaka rangi, povu kichwani, akapewa katikati. Karani wa Mahakama akachukua mwisho, akavaa miwani. Mimi nikapata sura ya mkutano wa pampu. Saluni ikawa kimya kama chumba cha mtihani, isipokuwa mara moja moja mtu anasema "Loo, hapa anamtukana mama mkwe," na wengine wanamfokea asome alichotumwa. Mama wa povu alisahau kuoshwa na rangi ikamshika nyekundu kuliko alivyoagiza. Aliipenda, bahati yetu. Lakini nukuu haikuonekana. Kila aliyemaliza aliweka kurasa zake chini na kutazama pembeni ili asikutane na macho ya Hoja.

Mlango ukafunguliwa, Shangazi akaingia na mfuko wa sabuni.

"Mmepoteza nini?"

Nikamsomea. Nikasoma vizuri, kwa mkato na hisia, kama nilivyozoea.

Shangazi akaweka mfuko chini. "Hayo si ya kitabu. Hayo ni yangu."

Hakuna aliyeelewa.

"Ni yangu," akarudia. "Nilimwambia dalali wa hii nyumba, siku ile alipokuja kupandisha kodi nikamkatalia, akasema eti zamani nilikuwa mama mpole. Nilisimama hapa hapa. Wewe ulikuwa unasoma huo upuuzi wenu wa ndoo, na mimi nilikuwa naongea na mtu."

Tukageuka wote kumtazama Karani wa Mahakama. Alikuwa ameshavua miwani. Ndipo nami nikaikumbuka siku ile: mimi nasoma Mjane anavyopita mbele ya foleni, Shangazi mlangoni anampasulia dalali, Hoja anasema "andika hapo hapo," na huyu mama chini ya draya inayonguruma, macho kwenye kadi, anadaka kila neno zuri linalopita bila kujua limetoka mdomo gani. Ukurasa hakuusikia kwa sababu Shangazi hana kurasa.

"Mimi niliandika tu," akasema Karani wa Mahakama.

Sijui nani alianza. Nadhani ni mama wa povu. Kicheko kilipasuka, tukacheka mpaka muuza viatu akashuka kwenye kiti akakaa sakafuni, Mwalimu mwenyewe akajishika mbavu, machozi yanamtoka. Yaani mtaa mzima ulikuwa ukimnukuu Shangazi ukidhani ni mwandishi mashuhuri. Shangazi peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa amejishika kiuno, na ninaapa alikuwa amerefuka.

Halafu tukamwona Hoja. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha kuoshea, kadi mkononi. Kicheko kikafa.

"Nimekwisha," akasema. "Nimejenga kila kitu juu ya hii. Zimebaki siku za kuhesabu kwa vidole. Msahihishaji atajua nimetunga nukuu. Shangazi, nipe tu hicho kiti."

Iliniuma, sikufichi. Hata kiti cha kwanza sikukitaka tena wakati ule. Nilitaka huyu mtoto aende zake chuoni akawasumbue watu wengine kwa maswali yake.

Mwalimu alifuta macho, akavuta kigoda, akakaa mbele yake. "Nipe kadi. Tuanze upya. Ukiandika maneno haya na kuyafungia alama za nukuu, ukasema ni ya Mjane, umemsingizia mwandishi, na msahihishaji hatakupa kitu. Hilo ni kweli. Lakini nani kakwambia nukuu ndiyo ushahidi peke yake? Mjane alifanya nini?"

"Aliweka ndoo mbele."

"Alisema neno?"

Hoja akafikiri. "Hapana. Hakusema kitu. Aliiweka tu."

"Na watu walimwitaje toka siku hiyo?"

Muuza viatu aliitikia kutoka sakafuni, kurasa za mwanzo bado mkononi. "Mwanzoni kabisa wanamwita mama mtaratibu. Hapa hapa, wanamsifu."

"Na huku mwisho wanamwita kichaa," akasema Karani wa Mahakama, na safari hii akautaja ukurasa, mara mbili, kwa sauti.

"Basi ushahidi unao," akasema Mwalimu. "Tukio la ndoo. Sifa za mwanzo. Matusi ya mwisho. Mtu yule yule, foleni ile ile. Vyote vimo kitabuni. Sasa sema mwenyewe, bila kumnukuu mtu, vinaonyesha nini?"

Hoja aliichukua tena kadi. Tukamwona anaitazama ile kadi, anashuka nayo, anaupita mstari wa nukuu, anafika chini. Halafu akaanza kutabasamu kwa upande mmoja, tabasamu lake la kutuchosha.

"Kwamba mwanamke akinyamaza wanamwita mwema, akisimama siku moja wanamwita mkorofi," akasema. "Mwalimu, haya maneno hayakuwa mabaya. Yamekaa mstari usio wake. Si nukuu. Ndiyo hoja yenyewe."

"Ndiyo hoja yenyewe," Mwalimu akakubali. "Dai ni lako kulisema kwa maneno yoyote. Kama umelirithi kwa shangazi yako, hayo ni ya nyumbani kwenu. Kinachotakiwa kitoke kitabuni ni uthibitisho."

Siku zilizobaki hatukusuka, tulihamisha. Kadi ya Mjane na kila insha iliyoitegemea zilibadilishwa, nukuu ikatoka, tukio likaingia na ukurasa wake, maneno ya Shangazi yakateremka chini kwenye hoja. Mwandishi alikuwa Karani wa Mahakama, na kila sentensi alituuliza nani kaisema kabla ya kuiandika, hadi tukatamani kumrudisha kwenye draya.

Siku ya mtihani Hoja alirudi mchana anakimbia, viatu mkononi, akatusimulia akiwa amesimama juu ya kigoda. Swali lilikuwa hili: Mjane ni mkorofi wala si shujaa, jadili. Nilimwambia aache utani. Akaapa. Alisema mkono ulianza kuandika kabla yeye hajaogopa. Aliingia na dai la Shangazi bila alama za nukuu, akaleta ndoo, akaleta sifa na matusi, akamleta Mwenyekiti na foleni yake kuonyesha nani hasa alikuwa mkorofi mjini pale. Akakubali na upande wa pili pia, kwamba Mjane alikanyaga zamu ya wanyonge wenzake, kisha akaonyesha kwamba zamu yenyewe ilikuwa ya wizi. Akafunga kwa kurudi kwenye swali. Hakusimulia. Tulimpigia makofi yeye na Mjane kwa pamoja. Shangazi alikuwa akikunja taulo. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Umesema ni maneno yangu?"

"Haikuruhusiwa, Shangazi."

"Mm," akasema, akaendelea na taulo.

Majibu yalipotoka alikuwa amefaulu, na si kwa kuponea chupuchupu. Chuo kikamwita. Tulicheza muziki, muuza viatu akagawa soda, mama wa rangi nyekundu akacheza na ufagio. Lakini Shangazi alikuwa kimya, na ukaendelea ukimya huo siku baada ya siku. Anahesabu pakiti za rasta, anapiga vioo dasta, hasemi nenda wala baki. Hoja akaanza kukonda. Kila tulipotaja safari, Shangazi alikumbuka kitu stoo. Tulijua sababu. Mikono ya huyo mtoto ndiyo iliyokuwa ikilisha saluni, na huyo mtoto ndiye pekee aliyebaki nyumbani kwake.

Basi Hoja akafanya anachojua. Alitengeneza kadi ya mwisho akaibana katikati ya kioo. Mhusika: Shangazi. Maudhui: nafasi ya mwanamke. Nukuu, safari hii na alama zake zote: "Mwanamke akinyamaza miaka, wanamwita mwema; akisema siku moja, wanamwita mkorofi." Ukurasa: mlangoni, kwa dalali. Mstari wa nne aliuacha wazi, akapachika na kalamu pembeni. Shangazi aliisoma, akajifanya hakuisoma, akaenda stoo.

Asubuhi iliyofuata mimi ndiye niliyefungua saluni. Kalamu ilikuwa imehama. Mstari wa nne ulikuwa umejazwa kwa herufi kubwa za mtu asiyezoea kuandika, zimepandiana kama watu kwenye foleni ya pampu: inasaidia hoja kwamba aende tu, sisi tutasuka.

Hoja aliingia, akasoma, akaketi kwenye kiti cha kwanza akalia kwa nguvu, na Shangazi akamwambia aondoke hapo, kina mteja. Karani wa Mahakama alitaka kurekebisha herufi moja kwenye kadi. Nikamwambia aiguse aone.